Telefone inauliza kama ni wewe, na hukugusa kitu

Maneno yaliyotolewa mbele ya komite na wanamemba kwenye mkutano wa kila mwezi



Mwenyekiti aliniomba nizungumze juu ya jambo moja lililosumbua vikundi vya huku kwetu. Telefone imelala mezani, hakuna mtu aliyeigusa, na ghafla inaonyesha ukurasa mzima: ni wewe unayejaribu kuingia katika konti yako? Chini kuna vifungo viwili, Oui na Non. Unaifunga. Dakika mbili, inarudi. Unaifunga tena, inarudi. Wengine wanasema telefone imerogwa, wengine wanasema ni rezo mbaya, na wengine wanabonyeza Oui ili walale. Ni juu ya hao wa mwisho nataka tukae kidogo.

Nitazungumza juu ya konti ya Google, yaani Gmail, kwa sababu njo ile vikundi vyetu karibu vyote vinatumia kwa kutuma ripoti na kupokea barua za wafadhili.

Kwanza tuelewe ule ukurasa unatoka wapi. Zamani mtu alikuwa anaingia katika konti kwa neno la siri tu, ile tunaita modepasi. Aliyelijua aliingia, hata akiwa mwizi. Kwa hiyo Google iliongeza mlango wa pili: mtu akiandika modepasi kwenye mashini mpya, Google inauliza telefone ya mwenye konti kama inamtambua. Ukisema Oui, mlango unafunguka kwa yule aliye kwenye ile mashini mpya. Sikiliza vizuri hapo: Oui haifungui kitu kwenye telefone yako. Inafungua kule, kwa yule mtu. Wewe utaona ukurasa umepotea na utadhani mambo yameisha, na kule njo yanaanza.

Sasa, ukurasa ukija na wewe hukuanza kuingia popote, maana yake mtu mwingine ameanza. Mara nyingi ni kwamba ana modepasi yako tayari na amebakiza ule mlango wa pili. Iko pia njia nyingine: mtu anaandika adresi yako ya Gmail tu, anasema amesahau modepasi, na Google inaweza kuuliza telefone yako. Hiyo haimaanishi kwamba amejua modepasi. Lakini ukiwa umekaa pale na telefone mkononi, huwezi kutofautisha hayo mawili kwa kutazama ukurasa. Njo maana tunafanya kama vile modepasi imeshajulikana. Kubadilisha modepasi ni kazi ya dakika tano. Kukosea upande ule mwingine ni kazi ya miezi.

Na kwa nini inarudi mara nyingi hivyo? Kwa sababu mwizi hana haja uwe mjinga. Ana haja uchoke. Anajaribu saa nne ya usiku, saa sita, saa saba, kwa sababu anajua mtu mwenye usingizi anabonyeza chochote. Na haya si ya watu wa kijijini tu. Mwaka 2022, mwezi wa tisa, kampuni kubwa ya Amerika ya kusafirisha watu kwa gari, Uber, iliingiliwa hivyo. Kampuni yenyewe ilieleza: mtu mmoja aliyekuwa akiwafanyia kazi kwa mkataba, modepasi yake ilikuwa imeibiwa, mwizi akajaribu kuingia mara nyingi, kila mara telefone ya yule mtu ikauliza, mara za kwanza ilizuia, mwishowe akakubali moja. Moja tu. Ile kampuni ina wataalamu wengi wa kompyuta, na mlango ulifunguliwa na kidole cha mtu aliyechoka.

Kwetu sisi liko jambo lingine linalotuweka katika hatari zaidi kuliko hiyo kampuni, na njo sababu ya kuja kwangu. Ni konti ya watu wengi.

Vikundi vyetu vina konti moja ya Gmail. Iko katika telefone ya mwenyekiti, ya katibu, ya mweka hazina, mara nyingine ya kijana mmoja anayejua mambo ya kompyuta, na mara nyingine katika telefone ya mtu aliyekuwa katika komite ya zamani na akahamia Kalemie. Google ikiuliza, inaweza kuuliza telefone hizo zote kwa pamoja. Na kila mmoja anafikiri: "Aa, ni mwenzangu anaingia." Yule wa konti yake mwenyewe anajua kama ameanza au hakuanza. Wa konti ya watu tano hajui. Anakisia. Mwizi hana haja ya kuchosha mtu mmoja. Anahitaji mmoja tu kati ya watano awe na roho nzuri ya kusaidia mwenzake.

Nitawaeleza kikundi kimoja, jina sitalitaja, wao wenyewe wamekubali niseme mambo yao. Ni warudi kama sisi, wengi walitoka Nyarugusu. Walikuwa wanangoja dola 3 200 za mabati kwa nyumba za wajane. Konti ilikuwa katika telefone tano. Siku ya Jumanne, karibu saa tatu ya usiku, telefone zikaanza kuuliza. Mweka hazina akabonyeza Non mara mbili, kisha akazima data akalala. Mwenyekiti alikuwa mahali pasipo rezo. Katibu alikuwa Bukavu kwa mafunzo, na kesho yake ripoti ilipashwa kutumwa. Saa tano, mama mmoja wa komite, mshauri wa kikundi, akaona ukurasa kwa mara ya nane au ya tisa. Akajiambia: katibu anateseka huko Bukavu na ripoti, na sisi tunamfungia mlango. Akabonyeza Oui.

Katibu alikuwa amelala.

Mnaona, huyu mama hakufanya uzembe. Alifanya kile tunachowafundisha watu kufanya kila siku, kusaidia. Ukurasa ulikuwa umeandika chini ya swali kwamba mashini inayojaribu kuingia ni ya Windows. Katika komite nzima hakuna mwenye kompyuta. Katibu anaandika ripoti katika telefone yake. Lakini ile mistari midogo hakuna aliyewahi kumwonyesha.

Mwizi alipoingia hakubadilisha modepasi. Hakutuma matusi, hakufuta kitu. Alikaa kimya siku tatu akisoma. Kisha akaweka kanuni ndogo ndani ya Gmail: kila barua iliyo na neno «virement» isionekane katika boksi la kuingilia, iende moja kwa moja katika akiba. Baada ya hapo akajibu barua ya mfadhili, katika mazungumzo yale yale ya zamani, kwa Kifaransa kizuri, akisema benki yetu ina shida, tafadhali mutume kwenye namba hii mpya. Mfadhili akajibu akiuliza swali. Jibu hilo komite hawakuliona, kwa sababu ya ile kanuni. Mwizi akaliona.

Zile dola ziliokoka kwa sababu moja: kwa yule mfadhili kulikuwa mtu aliyezoea kupiga simu kabla ya kubadilisha namba ya malipo. Alimpigia mwenyekiti kwa namba aliyokuwa nayo tangu mwaka uliopita, si namba iliyoandikwa katika barua. Wafadhili mutakaosoma haya, ninawaomba mufanye vile vile na sisi. Barua ikitoka kwetu ikisema namba ya malipo imebadilika, hata kama inatoka katika adresi yetu ya kweli, musiiamini mpaka musikie sauti za watu wawili wa komite munaowajua. Adresi kuwa ya kweli hakuonyeshi anayeandika ni nani.

Sasa tuje kwa kile cha kufanya. Nitakisema kama vile tulivyokifanya na kikundi kile, kwa mpango wake.

Ukurasa ukitokea, soma kwanza mistari iliyo chini ya swali: aina ya mashini, saa, na mahali. Aina ya mashini inasaidia sana. Mahali pasikudanganye. Rezo yetu inaweza kuonyesha mji ambao hujawahi kukanyaga, na mwizi naye anaweza kujionyesha kama yuko karibu nawe. Kwa hiyo ukiona mahali pa mbali si lazima awe mwizi, na ukiona mahali pa karibu si lazima awe mwenzako. Swali la kweli ni moja: dakika hii, kuna mtu wetu ameanza kuingia? Kama ni konti yako peke yako, jibu unalo. Kama ni ya kikundi, piga simu. Kwa sauti, si kwa ujumbe katika kundi la WhatsApp, kwa sababu katika kundi kuna telefone ambazo hujui leo ziko mikononi mwa nani. Usipompata mtu kwa simu, jibu ni Non. Mwenzako aliyezuiwa kwa kweli atakupigia mwenyewe, hatakufa.

Kubonyeza Non si sawa na kuufukuza ukurasa pembeni. Ukiufukuza, Google haijui kitu, inangoja, na swali linaisha lenyewe. Ukibonyeza Non, unaiambia kwamba huyu si mtu wetu, inamzuia, na mara nyingi inakupeleka yenyewe kubadilisha modepasi. Kuzima data kunanyamazisha telefone tu. Modepasi iliyoibiwa inabaki ile ile, na kesho asubui ukiwasha, mtu yule bado yuko mlangoni.

Halafu iko simu ya udanganyifu. Mara nyingine, katikati ya hizo kurasa, mtu anapiga au anaandika: "Sisi ni huduma ya Google," au "ni huduma ya rezo yako, konti yako inashambuliwa, bonyeza Oui tuisimamishe." Google haipigii mtu simu usiku kumwomba abonyeze Oui. Anayejua kwamba telefone yako inauliza dakika hii ni yule anayeiuliza. Tena, siku zingine Google haiweki Oui na Non tu. Inaonyesha namba kwenye mashini inayoingia, nawe unapashwa kuchagua namba ile ile kwenye telefone. Microsoft nao, kwa wale wanaotumia konti za kazi za onege, tangu mwezi wa tano 2023 programu yao inadai uandike namba ya tarakimu mbili. Ni ulinzi mzuri, kwa sababu aliyelala hawezi kukisia namba. Lakini unavunjika mtu akikupigia akakuambia: "Chagua 47." Namba inapashwa kuwa mbele ya macho yako mwenyewe, kwenye mashini iliyo mbele yako. Ikija kwa mdomo wa mtu, ni ya mwizi.

Baada ya Non, badilisha modepasi. Usipite kwenye kiungo chochote ulichotumiwa kwa ujumbe. Fungua mwenyewe, andika kwa mkono:

```
myaccount.google.com
```

Ingia penye Sécurité, tafuta modepasi, weka mpya. Fanya hivyo kwenye telefone yako, si kwenye kompyuta ya siber. Ninalisisitiza kwa sababu ya kikundi kile. Tulipotafuta modepasi yao ilitoka wapi, tulikwenda katika siber ambapo walikuwa wakichapa ripoti. Tukaomba ruhusa, tukafungua ukurasa wa modepasi zilizohifadhiwa katika ile kompyuta. Yao ilikuwa pale. Siku moja kompyuta iliuliza kama ihifadhi modepasi, mtu akasema ndiyo, na tangu siku ile kila aliyelipa dakika kumi na tano angeweza kuisoma. Na ilikuwa ile ile wanayotumia kwa Facebook. Kwa hiyo modepasi mpya isifanane na ya Facebook, isiwe jina la kikundi na mwaka. Maneno manne yasiyo na uhusiano, mnayoyakumbuka, yanatosha: jina la samaki, jina la chombo cha jikoni, na kadhalika. Yaandikwe katika daftari la mweka hazina linalofungiwa pamoja na kashe, si ukutani mwa biro.

Ukibadilisha modepasi, Google inatoa nje mashini nyingi zilizokuwa ndani, lakini si zote. Zile telefone zinazotumika kujibu swali la "ni wewe?" zinaweza kubaki. Kwa hiyo usiishie hapo. Pale pale penye Sécurité kuna orodha ya mashini zilizo ndani ya konti yako. Zihesabu kwa majina: hii ya mwenyekiti, hii ya katibu. Katika kikundi kile tulikuta saba, na wao walikuwa watano. Moja ilikuwa ile Windows. Ya saba ilikuwa telefone ya zamani ya katibu, aliyoiuza sokoni mwaka jana bila kutoa konti. Yule aliyeinunua hakuwa mwizi, maskini, alikuwa anapokea tu barua za mabati bila kujua kwa nini. Ukibonyeza jina la mashini, utaona kifungo cha kuiondoa.

Baadaye tazama namba na adresi ya kurudishia konti, yaani namba ambayo Google inatumia kukusaidia ukipoteza modepasi. Hapa tunaguswa sisi warudi kuliko mtu mwingine yeyote. Wengi tulifungua konti zetu kule Tanzania. Namba ya kurudishia ni ya karata sim ya Tanzania. Tulipovuka ziwa, ile karata ilikaa bila inite, ikafa, na kampuni za simu zina desturi ya kuchukua namba iliyokufa na kumuuzia mtu mwingine. Leo mtu wa Kasulu au wa Mwanza, ambaye hatujui, anaweza kupokea kodi za konti ya shirika letu. Hapa katika chumba hiki, nilipouliza kabla ya mkutano, watu wanne wa kwanza niliowauliza, watatu wako hivyo. Weka namba ya Kongo inayotumika leo, na iwe ya mtu wa komite ambaye karata iko kwa jina lake. Baada ya kubadilisha, Google inaweza kuendelea kwa siku 7 kukubali ile namba ya zamani. Hilo limewekwa kusaidia aliyeibiwa: mwizi akibadilisha namba yako, una siku hizo 7 za kurudi kwa kutumia namba yako ya kweli. Njo maana ukigundua umetolewa nje ya konti, usingoje mkutano wa mwisho wa mwezi. Siku ile ile, kwenye telefone uliyozoea kutumia na konti hiyo, andika:

```
g.co/recover
```

na ujibu maswali.

Na ikiwa mtu alishabonyeza Oui, kama yule mama, fanya yote niliyosema, kisha utafute zile kanuni za siri. Hapa kuna shida ya kweli kwetu, kwa sababu programu ya Gmail ya telefone haionyeshi kanuni hizo. Zinaonekana ukifungua Gmail kwenye kompyuta, katika mipangilio, penye sehemu ya kanuni za kuchuja barua, na sehemu nyingine ya kutuma nakala kwa adresi nyingine. Kama hamna kompyuta, njooni biro yetu, tutafungua pamoja na kutoa konti mbele ya macho yenu mkimaliza. Kikundi kile kilibadilisha modepasi siku ya Jumamosi na wakafurahi; ile kanuni ya «virement» ilikuwa bado inatumika siku ya Jumatano. Modepasi mpya haifuti alichokiacha mwizi nyumbani.

Tena waambieni wafadhili siku hiyo hiyo. Ninajua aibu. Katika komite ile walibishana siku mbili nzima kama waseme au wanyamaze, wakiogopa mradi kukatwa. Wakati wanabishana, mwizi alikuwa anaandikiana na mfadhili. Hakuna mfadhili wa kweli anayekata mradi kwa kuambiwa mapema. Na kwa yule mama, tuliwaomba wasimtoe katika komite. Mkimfukuza, wa pili atakayebonyeza Oui atakaa kimya, nanyi mtajua baada ya feza kwenda.

Mzee mmoja aliniuliza mlangoni: na kodi za WhatsApp zinazokuja bila kuombwa, ni kitu kile kile? Hapana, ni ndugu yake. WhatsApp haianzi na modepasi; mtu yeyote anayejua namba yako anaweza kuiandika kwenye telefone yake, na kodi ya tarakimu 6 itakuja kwako. Kwa hiyo kodi ikija peke yake haimaanishi umeshaibiwa kitu. Usimpe mtu, basi, imekwisha. Wengine watakuandikia: "Dada, nimekosea nikatuma kodi yangu kwako, nirudishie." Hata kama ujumbe unatoka kwa ndugu yako wa damu, ujue kwamba ndugu yako ameshachukuliwa WhatsApp yake. Ndani ya WhatsApp kuna mahali pa kuweka namba ya siri ya pili ya kwako mwenyewe, penye mipangilio ya konti, iwekeni leo.

Kuna pia mara ambapo kurasa zinarudi na hakuna mwizi. Mmebadilisha modepasi, na mwenzenu anaingia upya na ile mpya kwenye kompyuta ya biro au kwenye telefone yake; au mtoto ameshika telefone ya baba na anajaribu kufungua konti. Utajua hivi: aina ya mashini ni ile mnayoijua, saa ni za kazi, na ukimpigia mwenzako anasema ndiyo, ni mimi. Hata hapo, aanze upya mkiwa kwenye simu pamoja, na ubonyeze Oui kwa lile swali jipya, si kwa la zamani lililokuwa limekaa pale.

Kuhusu konti ya watu wengi, maoni yangu mimi ni kwamba tuiache kidogo kidogo. Kila mwanakomite awe na konti yake, na makaratasi ya shirika yakae katika folda moja ya Google ambayo wenye haki wamealikwa. Mtu akitoka katika komite, tunamtoa katika folda, na hatuna haja ya kubadilisha modepasi ya wote. Ila ninajua wafadhili wengine wameandika ile adresi moja katika mikataba yao, na haiwezi kufa kesho. Basi kwa sasa tukubaliane hivi: ibaki katika telefone mbili tu, ya katibu na ya mweka hazina. Anayetaka kuingia kwenye mashini nyingine apige simu kwanza, aseme "ninaingia sasa," na mwenzake abaki kwenye simu mpaka ukurasa utokee. Ukurasa wowote usio na simu kabla yake ni Non, hata iwe saa sita ya mchana, hata iwe siku ya ripoti. Mwenyekiti ameniambia komite itaandika hilo katika kanuni za ndani.

Na kodi za akiba: penye Sécurité, katika sehemu ya kuhakikisha kwa hatua mbili, Google inatoa kodi 10, kila moja ya tarakimu 8, ambazo unaweza kutumia siku telefone zote mbili zimepotea au zimeibiwa njiani. Kila kodi inatumika mara moja. Zinachapwa kwenye karatasi na kuwekwa mahali pa mihuri. Zisipigwe picha na kutumwa katika kundi.

Ninaona muda umekwenda na wamama wana safari. Wale watu tano wenye konti ya shirika katika telefone zao wabaki hapa mbele, wawe na mega kidogo. Tunaanza na orodha ya mashini, halafu zile namba za Tanzania.